Matufe ni mengi, mti bado mtupu: anza ndani, malizia nje

"Mti wangu wa Krismasi ni wa plastiki, urefu sentimita 180. Nimeutundika matufe zaidi ya 80, nikauzungushia mkanda wa kumetameta, mwisho nikaweka taa, nyuzi mbili za balbu 100 kila mmoja. Bado naona mlingoti katikati, na waya wa taa umepita juu ya matufe. Usiku ndiyo mbaya zaidi: naona mistari ya taa na giza katikati yake. Niongeze matufe, au nimekosea wapi?"

Usinunue tufe hata moja. Themanini kwa mti wa urefu huo yanatosha, na yakipangwa vizuri mengine yatabaki kwenye boksi. Kosa ni kwamba umeanza na kilichopaswa kuja baadaye, ukamaliza na kilichopaswa kutangulia.

Jicho linapouona mti "umejaa", halihesabu mapambo. Linatafuta pa kupenya. Likipita kati ya matufe mawili na kukuta mlingoti, ukuta wa nyuma au giza, basi hapo pana shimo, hata kama matufe hayo mawili yamekaribiana. Anayeanza na matufe huyatundika kwenye ncha za matawi, maana ndipo mkono unapofika upesi. Matokeo yake ni ganda la mapambo kwa nje na uwazi ndani. Ukiongeza matufe, ganda linakuwa zito lakini ndani hapabadiliki kitu. Tena uzito ule huziinamisha ncha, matawi yanaachana, na nafasi kati ya safu moja na nyingine inazidi kupanuka. Ndiyo maana watu wengi huongeza mapambo kila mwaka na mti wao unazidi kuonekana mwembamba.

Mti hujazwa kuanzia mlingotini kuja nje, na mfuatano wa kazi unatokana na hilo. Taa zinahitaji mkono wako ufike hadi mlingotini, kwa hiyo hutangulia wakati matawi hayana kitu cha kuanguka. Mkanda unafuata kwa sababu unahitaji kulala juu ya matawi bila kukwaa. Matufe makubwa huingia nusu ya kina cha tawi, ya kati na madogo hukaa kuelekea nchani, na vijazio, yaani vile vijiti vyenye matunda, maua au majani ya kupambia, huingia mwisho kwenye mashimo yaliyosalia. Ukiruka hatua, kila unachoweka kitakuzuia kufika nyuma yake.

Kabla ya taa kuna kazi moja ambayo wengi huifanya juujuu, nayo ni kuyafungua matawi. Mti wa plastiki ukitoka kwenye boksi vitawi vyake huwa vimelazwa pamoja. Anza na safu ya chini kabisa, na katika kila tawi anza na kitawi kilicho karibu na mlingoti kuja nje. Kimoja kikunje kielekee juu, kinachofuata kulia, kinachofuata kushoto, kisha rudia, ile ncha ya mwisho uiache ielekee mbele. Usivipange vyote bapa kulia na kushoto, kwa sababu ukitazama mti kwa upande utaona rafu zenye nafasi tupu kati yake. Vaa glavu, vile vijani vya plastiki vinachuna vidole. Mti wa sentimita 180 ukifunguliwa hivi unaweza kukupotezea saa nzima, lakini ile nafasi unayouona mlingoti itapungua sana kabla hujagusa pambo lolote. Kama mlingoti bado unaonekana, zungushia kipande cha mkanda wa kijani usiong'aa sana, au mkanda wa rangi ya mti wenyewe.

(Wenye mti halisi uliokatwa hawana kazi hiyo. Wao wausimamishe kwenye maji na kuuacha kwa saa kadhaa, ikiwezekana mpaka kesho yake, ili matawi yashuke yakae mahali pake. Ukiupamba bado umejifunga, kila ulichopima kitahama.)

Sasa taa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ile mistari yako ya usiku ilipozaliwa. Wapambaji wengi hukadiria balbu ndogo 100 kwa kila sentimita 30 za urefu. Kwa mti wako hiyo ni balbu 600, nawe una 200. Si lazima ufike 600. Kama mti umekaa kwenye kona au umeegemea ukuta, balbu 400 zinakutosha, kwa sababu upande wa nyuma huupambi. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kununua, ni nyuzi mbili za taa. Angalia rangi kabla ya kulipa: nyeupe yenye umanjano na nyeupe yenye ubuluu zikikaa pamoja kwenye mti mmoja, mti unaonekana umetiwa viraka. Kama huwezi kupata zinazofanana na zako, za zamani ziingize ndani karibu na mlingoti, mpya zije nje. Tofauti ikiwa ya ndani na nje, jicho huisamehe.

Namna ya kuzifunga ni muhimu kuliko idadi. Ukiuzungusha uzi kuizunguka nje ya mti, taa zote zinakaa kwenye ganda lile lile, na hapo ndipo unapata mistari na giza kati yake. Badala yake, uzi uingie na kutoka. Washa kila uzi ukiwa bado sakafuni, uone kama zote zinawaka. Kisha tambua ncha ipi yenye plagi na uanze nayo chini, upande wa soketi. Watu hupamba mti mzima kuanzia juu, wakifika chini wanakuta mkononi ncha isiyoingia popote. Ukishaanza, peleka waya chini ya tawi mpaka karibu na mlingoti, uuzungushe mara moja kwenye kitawi cha ndani, uurudishe kwa tawi hilo hilo mpaka nchani, uuzungushe tena, halafu uhamie tawi la jirani.

Hapo hesabu inaweza kukushtua. Tuseme uzi wako una balbu 100 zilizoachana sentimita 10, yaani mita 10 kwa jumla. Tawi la chini lenye sentimita 50 hula mita nzima kwenda na kurudi, kwa hiyo uzi mmoja unaisha baada ya matawi kama nane tu, ukihesabu na kule kuhamahama. Nyuzi nne haziwezi kuingia kwenye kila tawi. Nenda kwa kupishana: tawi moja waya uingie mpaka ndani, tawi linalofuata uguse nchani tu, la tatu uingie tena. Ukipanda juu matawi yanakuwa mafupi na uzi unafika mbali zaidi. Ugawe pia upande unaoonekana katika vipande vitatu vya wima, kulia, katikati na kushoto, kila kipande kikipandishwa kwa zigizaga kutoka chini hadi juu. Hutalazimika kuzunguka nyuma ya mti na uzi mkononi, na uzi mmoja ukifa baadaye utautoa bila kuuvua mti mzima. Kati ya nyuzi zako nne, kila kipande kipate mmoja, na wa nne uugawe chini, ambako mti ni mpana kuliko kwingine.

Ukimaliza, zima taa za chumba, rudi nyuma hatua nne au tano na ufinye macho mpaka mti uwe ukungu. Penye giza patajitokeza penyewe. Huhitaji taa zaidi hapo, vuta tu kitanzi cha waya kutoka jirani penye msongamano. Usiende hatua inayofuata mpaka jaribio hili likuridhishe, kwa sababu baada ya matufe huwezi tena kuhamisha waya.

Pambo la kileleni, kama ni zito, liweke sasa. Najua desturi ya wengi ni kulipandisha mwisho kwa shangwe, na kama ni nyota nyepesi ya karatasi endelea na desturi yako. Lakini kuifunga nyota ya chuma kunahitaji kukishika kilele na kukivuta, na mti uliokwishatundikwa matufe ukitikiswa juu, ya chini yanadondoka. Ifunge kwa waya laini kwenye mlingoti wenyewe, si kwenye kitawi cha juu, ambacho kitalala upande.

Mkanda huenda kinyume na taa: unaanzia juu na kushuka, ili uone unavyoning'inia kadiri unavyoendelea. Ukivutwa ukakaza, unaukata mti vipande vya mlalo na kuyabana matawi uliyoyafungua kwa taabu. Uache ulegee. Uegemeze juu ya ncha ya tawi, uuache ushuke upinde wa sentimita 8 hadi 10, kisha uuegemeze kwenye ncha nyingine iliyo kama sentimita 30 pembeni. Juu mizunguko iwe karibu karibu, chini iachane zaidi.

Urefu unaohitajika unaweza kuupiga hesabu mwenyewe. Tuseme upana wa mti wako chini ni sentimita 110. Mzunguko wa chini ni kama mita 3.5, na kwa kuwa mti unapungua mpaka kileleni, mzunguko wa wastani ni nusu yake, mita 1.7 na ushei. Mizunguko saba inakupa mita 12. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya ule ulegevu, unafika mita 16. Ukiwa na mita 8 tu, usiuvute mkanda ili utoshe. Pamba mbele tu, ncha zake uzifiche kwenye matawi ya pembeni, ama uchague mizunguko michache yenye pinde nzuri kuliko mingi iliyokaza.

Kama mti wako ni mwembamba kwa asili yake, mimi ningechagua utepe mpana wa sentimita 6 wenye waya laini kwenye kingo badala ya mkanda wa kumetameta. Shanga na mikanda myembamba hupamba lakini hazijazi. Utepe unaukata vipande vya sentimita 60 hadi 80, ncha moja unaichomeka ndani kabisa karibu na mlingoti, unautokeza nje ukiwa umevimba kidogo, ncha ya pili unaichomeka tena ndani, chini yake kidogo. Ule uvimbe unaziba nafasi ambayo ungeihitajia matufe mawili. Waya wa kingo ndio unaoushikilia, kwa hiyo utepe laini usio na waya hautafaa kwa kazi hii, utaanguka bapa.

Baada ya hapo ndipo matufe, na makubwa kwanza. Yatenge mezani kwa ukubwa kabla ya kutundika hata moja: yenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, ya sentimita 6 hadi 8, na madogo. Kwenye mti wako makubwa 12 mpaka 15 yanatosha. Usiyaweke nchani. Yaingize katikati ya tawi, nusu ya safari kati ya ncha na mlingoti, mahali tawi lina nguvu ya kubeba. Yakikaa hapo yanafanya kazi mbili: yanaziba njia ya jicho kuufikia mlingoti, na yale yanayong'aa yanarudisha mwanga wa balbu zilizo jirani, hivyo balbu moja huonekana kama mbili tatu. Ndiyo sababu ninakushauri ya kung'aa yaingie ndani karibu na taa, na yale yasiyong'aa au yenye michoro yaje nje, ambapo watu watayaona sura.

Ukiyagawa, fikiria pembetatu. Weka moja, la pili liwe chini yake kulia, la tatu chini yake kushoto, kisha endelea hivyo hivyo mpaka chini. Yakifuatana wima au mlalo yatachora mstari, na jicho hufuata mstari upesi sana. Mengi yawe theluthi mbili za chini, kileleni pasiwe na kubwa hata moja, maana matawi ya juu ni mafupi na yatalemewa. Ya rangi moja pia yasikae jirani.

Ya kati na madogo hayahitaji falsafa. Ya kati yajaze kati ya makubwa, kidogo mbele zaidi, na madogo yapande kileleni na kwenye ncha. Kikulabu kikunje kwa vidole kibane kitawi, tufe lisiteleze. Ya kioo yawe juu kama kuna mtoto mdogo au paka ndani ya nyumba. Na ukiwa umefika tufe la sitini ukaona mti umetosha, acha. Ishirini ya ziada yatakurudisha kwenye ganda lile la mwanzo.

Vijazio ndivyo vya mwisho, na watu hukosea kwa kuvisambaza sawasawa kama pambo jingine. Kazi yake ni kuziba. Piga picha ya mti kwa simu mchana, taa zikiwa zimezimwa, na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka hazikudanganyi tena, na utaona wapi pana kivuli kizito. Hapo ndipo pa kuchomeka. Kijiti cha sentimita 25 kifuate mwelekeo wa tawi, mguu wake uelekee mlingotini, uusokote kwa vitawi viwili vya jirani ili usizunguke. Kijiti kilichosimama kinyume na matawi huonekana mara moja kuwa kimechomekwa. Kwenye shimo kubwa weka viwili vitatu pamoja vya urefu tofauti. Huenda ukahitaji kumi tu, na kama huna kabisa, mabaki ya utepe yaliyokunjwa vitanzi na kufungwa kwa waya yanafanya kazi hiyo hiyo.

Sasa mti wako uko pale, umekwisha kupambwa. Uuvue? Nikisema kweli, ndiyo, kwa sababu tatizo lako kubwa ni taa, na taa haziwezi kuingia ndani wakati matufe yapo. Kwanza toa taa, kisha matufe, ukiyatenga kwa ukubwa kadiri unavyoyatoa. Mkanda utoe mwisho, fungua matawi, anza upya. Ni kazi ya jioni moja. Kama wageni wanafika kesho na jioni hiyo huna, kuna njia ya nusu: toa taa tu pamoja na matufe ya mbele katikati, eneo la upana kama wa mikono yako miwili ikinyooshwa nusu. Pandisha nyuzi zako mbili humo kwa kuingia na kutoka, kisha rudisha matufe, makubwa yakianzia ndani. Pembeni patabaki na upungufu, ila anayeketi mbele ya mti hataona mlingoti.

Jambo moja mtu wa mapambo hawezi kukumalizia kwa maandishi ni umeme. Boksi la taa huandikwa nyuzi ngapi za aina ile zinaruhusiwa kuunganishwa mfululizo, nawe usizidishe, wala usiunganishe za LED na zile za balbu za zamani kwenye mstari mmoja. Za zamani hupata joto, kwa hiyo pamba, karatasi na maua makavu visiziguse. Ukitumia taa za LED, joto ni dogo sana, lakini waya uliochubuka ni hatari kwa aina zote. Baada ya nusu saa ya kuwaka gusa plagi na ekstensheni kwa mgongo wa mkono. Zikiwa za moto, au ukisikia harufu ya plastiki kuungua, au swichi kuu ikajizima kila uwashapo, chomoa kila kitu na umwite fundi umeme aje aangalie soketi na nyaya za ukutani kabla hujaziwasha tena. Usijaribu kubadilisha fyuzi kwa kubwa zaidi ili taa zikae. Na usiku mkilala au mkitoka, zima.